Tangawizi Chini ya Kitanda cha Bibi

Shangazi yangu wa Utemini hutengeneza tangawizi yenye gesi, na akiifanya hataki mtu wa kumwambia lolote. Anakwangua tangawizi, anaichemsha na sukari, kisha anaiacha ipoe mpaka kidole kivumilie, maana hamira ukiitupa kwenye maji ya moto umeiua. Hamira yenyewe anaitia kidogo tu, kwa ncha ya kijiko, pamoja na ndimu. Anafunika ndoo kwa kitambaa, na kesho yake ukitega sikio unasikia inanong'ona.

Halafu anachuja na kutia kwenye chupa za plastiki zilizokuwa za soda. Za maji hazitaki, anasema ni laini mno, hazikuumbwa kubeba gesi. Hajazi mpaka mdomoni. Kila anapopita jikoni anaziminya chupa tumboni kama mkunga. Ikiwa bado inabonyea, anaiacha. Ikigoma kubonyea, zote zinakwenda kwenye friji hapo hapo, kwa sababu baridi huilaza hamira. Huilaza tu. Haifi, na sukari ikiwepo na joto likirudi inaamka na kuendelea na kazi. Nimemsaidia kazi hiyo miaka mingi na sijawahi kuona chupa yake ikipasuka.

Shida ilianza pale binti yake alipopata mchumba. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Nduguti kuleta barua rasmi ya posa, na kamati ya shughuli, yaani wanawake wa ukoo wenye maneno mengi kuliko vyombo, ikaamua kwamba mkwe hawezi kuwekewa mezani chupa ya plastiki. Ataonekana amekaribishwa mafuta ya taa. Wakataka chupa za kioo. Shangazi alibisha mpaka akachoka, kisha akakubali kwa masharti yake: itaiva kwanza kwenye plastiki, ilale friji, halafu ihamishiwe kwenye kioo ikiwa ya baridi na ikae kwenye baridi mpaka itakapomiminwa. Friji yake ikajaa, kwa hiyo makreti mawili ya kioo yakapelekwa kwa baba mdogo, mdogo wake, mwenye bucha na friji kubwa.

Kumkabidhi baba mdogo kitu kisichokuwa nyama lilikuwa kosa la sisi sote.

Siku ya wageni nilifika asubuhi kutoka Ilongero kwa bodaboda. Kijana wa boda alikuwa bado anatafuta chenji pale uani tuliposikia mlio kutoka ndani, paa! Kamati ikalala chini. Shangazi hakulala. Alinusa. Harufu ya tangawizi ilikuwa inatoka chumbani kwa bibi, mama yake mzazi, na chini ya mlango kulikuwa kunatiririka kitu chenye povu.

Tulichungulia. Bibi alikuwa amelala kitandani, shuka mpaka kidevuni, na chini ya kitanda kulikuwa na yale makreti mawili. Chupa moja haikuwepo tena. Vipande vyake vilikuwa vimesambaa mpaka kwenye kandambili za bibi. Zilizobaki zilikuwa zimesimama kimya, na ukimya ule sikuupenda hata kidogo.

"Nani ameziweka hapa?" shangazi aliuliza kwa sauti ndogo ya kutisha.

Baba mdogo alitokea nyuma yetu na kofia mkononi. Alikiri kwamba alizitoa kwenye friji jana asubuhi, na akaziweka pale kwa kuwa ndicho chumba chenye ubaridi. Tena, alisema akitazama sakafu, alikuwa amefungua kila moja akatia kijiko cha asali, ile nzuri ya nyuki wadogo, kisha akakaza vifuniko kwa nguvu zote ili gesi isipotee.

Asali ndani ya hamira iliyolala, kwenye kioo, mchana na usiku kucha bila baridi. Shangazi alifumba macho. Mimi nilitazama kitanda. Kati ya mgongo wa bibi na yale mabomu kulikuwa na godoro la sufi tu.

Sasa mtoe bibi. Bibi yetu hapewi amri. Ukiingia chumbani kwake lazima usalimie, na salamu zake si shikamoo ukaondoka, ni Kinyaturu kirefu, mpaka ng'ombe wajuliwe hali. Nilipiga magoti mlangoni nikasalimia kwa haraka kama mtu anayefukuzwa. Akaniuliza mvua ya Ilongero. Nikasema ipo, bibi, tafadhali toka kitandani. Akaniuliza alizeti. Nikasema zimestawi, bibi, chupa zinapasuka. Akajibu kwamba ni upepo umepiga mlango, na yeye haondoki hapo mpaka wakwe wafike.

Baba mdogo ndiye aliyemaliza mjadala. Alimtupia blanketi zito, akamkunja na godoro lake vyote kwa pamoja, akambeba mpaka sebuleni huku bibi akimtukana kwa lugha mbili.

Shangazi alitukataza kugusa makreti. Ukiitikisa imekwisha, alisema. Akachukua magunia, akayalowesha maji ya mtungi, akayarusha kutoka mlangoni mpaka chini ya kitanda, yakafunika chupa, akafunga mlango. Tukasubiri zipoe. Kisha akamvua kijana wa boda helmeti yake bila kumwomba, akavaa na koti lake la ngozi, akashusha kioo cha uso, akaingia peke yake. Tulimsikia akifungua chupa moja moja chini ya taulo nene, kwa robo ya mzunguko: fsss, anakaza, anapumzika, fsss tena. Kati ya chupa na chupa alikuwa anasema. Alisema aliyewaza jambo hili hana ubongo, ana pumba. Alisema mtu huyo hataonja hata mchuzi wa shughuli hii, na akifa atazikwa na chupa. Kuta zetu si nene, kila neno lilifika sebuleni. Baba mdogo alikaa kwenye kigoda, akageuza kofia, hakujitetea.

Shangazi alitoka akiwa ameloa povu mpaka magotini. Kreti lililopata vipande lote lilimwagwa. La pili lilikuwa salama.

"Na wewe," alimwambia mdogo wake kutoka ndani ya helmeti, "utanieleza leo ulitumwa na nani."

"Na mimi," bibi alisema.

Alikuwa amekaa juu ya godoro lake, bado amefungwa blanketi.

"Nilimwambia atie asali na aniletee nizilinde mwenyewe. Siku ya posa yako wewe hapakuwa na asali. Ukame ulifukuza nyuki. Nikawapa wakwe zako uji wa uwele, na mama mkwe wako akakusimanga nao mpaka siku anakufa. Niliwasikia watu msibani kwake wakilirudia neno hilo. Nikasema huyu mjukuu hatasimangwa kwa sababu yangu."

Nje gari lilikuwa linapunguza mwendo, na kamati ikaanza kujipanga na vigelegele. Shangazi alikaa sakafuni miguuni pa mama yake, na helmeti bado kichwani, na tuliona mabega yake yakitikisika. Baadaye akainua kioo cha uso, akavuta chupa moja ya kreti la pili, akaifungua taratibu na kumimina nusu kikombe.

"Onja wewe kwanza, mama," alisema. "Wao watasubiri."