Mapazia ya Mhandisi

Kwenye duka letu la mapazia, mwanamke wa kupokea wateja mezani tulimwita Wembe, na si kwa wembamba. Mteja akimchokoza, alimnyoa bila maji. Kitabu cha malalamiko kilikuwa na malalamiko mawili juu yake, na meneja alishamwonya: likiingia la tatu, afungashe virago. Wembe analea watoto watatu peke yake. Akajifunza upole ukubwani, kwa taabu, mimi fundi cherehani nikimtazama na kucheka kimoyomoyo.

Siku hiyo akaingia mhandisi, mtu wa kujenga madaraja, kakumbatia mapazia.

"Dada, nirudishie pesa zangu. Mapazia yameishia magotini!"

"Pole sana, bwana. Naomba risiti, tuangalie pamoja."

Wembe akayapima mbele yake. Sentimita mia na themanini, kama ilivyoandikwa kwenye fomu ya oda, na saini ya mhandisi chini yake. Tulikuwa tumetaka kumtuma mpimaji wetu nyumbani kwake, bure kabisa, mhandisi akatucheka. Mtu wa madaraja apimiwe dirisha! Basi akapima kioo peke yake. Fimbo ya pazia juu na sakafu chini hazikumhusu.

"Bwana, kitambaa kikishakatwa kwa vipimo vya mteja, hatuwezi kurudisha pesa, maana hakuna mwingine wa kumuuzia. Kingekuwa na kasoro, au fundi wetu angekosea, tungekurudishia yote. Ila naweza kukuongezea pindo chini. Utalipia kitambaa tu, ushonaji ni juu yetu."

"Unajua mimi nani?"

Nilimwona Wembe akimeza jibu. Lilikuwa zuri, nina hakika.

"Najua, bwana, na nakuheshimu. Angekuja yeyote, ningemjibu hivyohivyo."

Mhandisi akanywea. Akanong'ona kwamba mkewe anarudi kesho kutoka safari, na ndiye aliyemsihi aite mpimaji. Wembe hakucheka. Mimi nilijificha nyuma ya cherehani.

"Acha tushone sasa hivi, bwana. Jioni yatakuwa tayari."

Akakubali, kisha akaomba kitabu cha malalamiko. Akaandika, akakifunga. Alipotoka nikakimbilia kusoma: "Dada huyu amekataa kunirudishia pesa kwa heshima iliyonitia aibu. Mungu ambariki."

Tulikumbatiana kama wendawazimu.

Meneja alisoma asubuhi, akahesabu kwa kidole.

"La tatu."

"Bosi, hizo ni sifa!" nikamaka.

"Ziko kwenye kitabu gani?"

Wembe akaondoka siku hiyohiyo, na wala hakumtukana. Ningekuwa yeye, ningetukana mpaka ukoo.

Sasa mezani nimewekwa mimi. Nawakatalia wateja kwa maneno yake, neno kwa neno, na wanatoka wameridhika. Akitokea anayetaka kitabu cha malalamiko ili anisifu, namwomba radhi, namweleza kwa heshima zote kwamba kimejaa.