Kijiti cha Mtendaji

Mtendaji wetu wa kata huongea kama ameshika kipaza sauti hata anapoomba chumvi. Ziwa lilipovamia soko la Katonga alituhamisha upesi, akatuokoa, hilo sikatai. Kisha akatangaza hali ya hatari: marufuku mikutano, isipokuwa yake, mpaka maji yashuke chini ya alama nyekundu ya kijiti alichokichomeka majini kupima kina.

“Mtendaji,” akauliza Veneranda, muuza dagaa, “Katiba si inasema anayetangaza ni Rais, na Bunge lisiporidhia kwa theluthi mbili ndani ya siku kumi na nne, tangazo linakufa?”

Akapangusa kiatu. “Mama, hatari haisubiri Bunge.”

Maji yameshashuka. Kila asubuhi bwana mkubwa anakunja suruali, anang'oa kijiti, anakichomeka mbele zaidi ziwani, mpaka alama izame.