Barua ya Ruhusa Niliyoitia Nakala Mbili

Chekeni mmalize kabisa, maana najua mnachosubiri, na mimi nimeshachoka kuona kila nikikaa mahali mtu ananikonyeza eti Omari hebu tupe ile ya barua. Haya, natoa leo. Ni aibu yangu, sikusingiziwa, nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe na kalamu nilinunua mwenyewe.

Wakati ule nauza katika duka la Bwana Mahadhi pale Kibiti. Ni miaka ile milango ya biashara imefunguliwa, vitu vinaingia kutoka Dubai, watu waliokuwa wakipanga foleni kutwa nzima kwa mche mmoja wa sabuni sasa wanasimama mbele ya meza yangu wanachagua rangi (wanachagua! na kunirudishia: hii inanuka sana, nipe ile). Bwana Mahadhi mwenyewe alikuwa anakaa Dar, ana maduka matatu, Kibiti anakuja mara moja kwa mwezi. Alikuwa mwajiri mzuri, nisimseme vibaya, ila ana neno moja: msimu wa korosho haondoki mtu dukani. Wakulima wameuza, wana pesa mkononi, wewe unataka kwenda wapi? Mwaka uliotangulia nilimwomba kwa mdomo siku mbili nikamwone mama anaumwa, akaniambia, "Omari, mama akipona utamkuta, na mteja akiondoka hutamkuta." Nikabaki dukani.

Sasa mwaka huo dada yangu Siwatu akachumbiwa, na ndoa ikapangwa Bungu kwetu, Ijumaa baada ya sala, katikati ya msimu wa korosho. Baba yetu alishafariki, babu pia, na kaka wa Siwatu wa kuzaliwa naye ni mimi peke yangu, kwa hiyo walii ni mimi. Mimi ndiye wa kushika mkono wa bwana harusi na kutamka kwamba nimekuozesha dada yangu. Yupo baba mdogo, ndiyo, lakini zamu yake inakuja kama mimi sipo au sifai, na Siwatu alikwisha kuniambia, "Kaka, usiponiozesha wewe sitakusamehe." Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo nikikaa kuandika ile barua, msije mkadhani niliandika kwa kujipendekeza.

Kosa langu ni moja tu. Kabla ya Bwana Mahadhi nilikuwa karani kwenye duka la ushirika, na katibu wetu pale alikuwa mtu wa barua, hata akiomba ufagio anaandika barua yenye kumbukumbu namba. Nikajua barua bila vikorombwezo haina uzito. Basi nikapanga: kulia juu anwani yangu, chini yake tarehe, kushoto anwani ya mwajiri, halafu kumbukumbu namba (niliitunga, duka halina faili hata moja), halafu katikati nikaandika na kupiga mstari:

"YAH: MAOMBI YA RUHUSA YA SIKU NNE KUHUDHURIA NDOA YA DADA YANGU

Mada hapo juu yahusika. Mimi ni muuzaji wa duka lako la Kibiti. Naomba ruhusa kuanzia Alhamisi hadi Jumapili kwa kuwa mimi ndiye walii wa bibi harusi, na ndoa ni Ijumaa, kijijini Bungu. Funguo nitamkabidhi mtu utakayemteua. Natumaini ombi langu litafikiriwa."

Wako mtiifu, saini, jina. Hapo ningeishia, jamani! Hapo ilikuwa imekamilika, safi, hata mwalimu angeipa tiki. Lakini nikaitazama nikaona mbona nyepesi, huyu mzee ataikunja aweke mfukoni. Ndipo nikaongeza kule chini kushoto:

"Nakala: Mtendaji wa Kata. Ofisa Biashara wa Wilaya."

Nakala zenyewe sikuzipeleka. Ya nini? Zile ni za kutia uzito tu, mwenye kusoma ajue barua hii wanaijua wakubwa. Nikaitia kwenye bahasha, nikampa konda wa basi la Dar.

Sikufikiria kitu kimoja. Bwana Mahadhi hakuwahi kufanya kazi ushirika. Yeye akiona jina la Ofisa Biashara, anaona leseni. Akiona Mtendaji, anaona ushuru. Yaani barua ya harusi imefika kwake ikiwa mashtaka, na yule mzee (nilikuja kuambiwa baadaye) aliisoma mara tatu akitafuta nimemshtaki kwa lipi.

Siku ya nne konda akanishushia jibu. Nilidhani nitakuta neno moja, HAPANA. Nikafungua nikakuta imepigwa taipu:

"YAH: RUHUSA YA SIKU KUMI. Barua yako nimeipokea. Umeomba siku nne, nakupa siku kumi na mshahara wake wote. Sijapata kukunyima haki yako kwa makusudi. Kama kuna jambo umelifikisha mbele, nitafika Bungu mwenyewe Ijumaa, siku ya ndoa, na nawaomba wahusika nao wafike, tulimalize kiungwana mbele ya wazee wako."

Siku kumi! Niliruka juu nikaangusha boksi zima la viberiti. Nikamwambia mteja aliyekuwepo, unaona, barua ni kujua kuandika. Ndipo macho yakashuka chini kushoto. Nakala: Mtendaji wa Kata. Ofisa Biashara wa Wilaya.

Nikatoka mbio nikamkuta konda anafunga mizigo. "Kulikuwa na bahasha nyingine?"

"Mbili. Ya Mtendaji nimemkabidhi mwenyewe sasa hivi, ile nyingine imeondoka na gari la wilayani."

Kumbe Bwana Mahadhi nakala zake amezipeleka kweli! Mzee wa watu alifuata utaratibu kuliko mimi niliyeuanzisha.

Jioni Mtendaji akapita dukani, nakala mkononi, uso umekunjamana. "Omari, nimepata jibu la barua yako, lakini barua yako ya kwanza sijaiona. Uliniletea lini?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa dakika moja tu, tuko wawili, angenitukana akaondoka, yakaisha. Badala yake mdomo wangu huu ukasema, "Niliileta ofisini, Mheshimiwa. Labda imepotea." Akatikisa kichwa, akasema karani wake huyo atamwua kwa presha, akaondoka. Nami nikaenda Bungu na siku zangu kumi.

Ijumaa ikafika. Majamvi yametandikwa uani, pilau iko jikoni, wanawake wako ndani na bibi harusi, na kwa bahati mbaya yangu baba mdogo alikuwa amekodi kipaza sauti cha betri ya gari ili Bungu nzima isikie. Bwana harusi amekaa, mimi nimekaa mbele yake magoti kwa magoti, shehe yuko kando, mashahidi wawili wako tayari, Siwatu ameshaulizwa na ameridhia. Nimenyoosha mkono wa kulia. Mara pikipiki. Nyuma yake gari. Akashuka Ofisa Biashara na faili kwapani, akashuka Mtendaji, akashuka Bwana Mahadhi na kanzu nyeupe na doti sita za kanga. Wakaja moja kwa moja jamvini. Mtendaji, kama ilivyo desturi yao wakiona kipaza sauti, akakichukua.

"Asalaam alaikum. Hatutachukua muda mrefu. Kuna suala la huyu kijana na mwajiri wake, tumeitwa kulimaliza. Kwanza naomba radhi kwa niaba ya ofisi. Barua yake ilipotea kwetu, na karani aliyehusika nimeshamsimamisha kazi."

Wallahi niliona giza mchana. Karani wa watu! Ana watoto watatu, namfahamu, ananunua mafuta ya taa kwangu.

Bwana Mahadhi naye hakungoja. "Omari mwanangu, sema mbele ya watu, nimekukosea nini? Ni ile siku ya mama? Nisamehe."

Mzee Mbonde, mjomba wa bwana harusi, akainua kidole. "Samahani shehe. Huyu walii ana kesi?"

Nikamwangalia shehe, shehe akaniangalia mimi. Nikakishika kile kipaza sauti, nikasema yote. Kwamba hakuna mashtaka. Kwamba nakala zile niliziandika ili barua ionekane nzito. Kwamba sikumpelekea mtu, na karani hakupoteza kitu, mimi ndiye nimemsingizia.

Ofisa Biashara akafunga faili lake taratibu. "Yaani mimi nimepigwa na vumbi tangu alfajiri kwa ajili ya urembo wa barua?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Lakini Mzee Mbonde hakucheka. Akasema walii anatakiwa awe mwadilifu, na huyu kakiri uongo na kumzulia mtu, tena kwa kipaza sauti, basi aozeshe baba yake mdogo. Na baba mdogo (nampenda, lakini siku ile!) akaanza kujisogeza jamvini, huku anarekebisha kofia. Dada yangu mmoja, baba hayupo, na mkono nilishaunyoosha.

Shehe akasema mlango wa toba haujafungwa. "Tubu hapahapa, umtake radhi mwajiri wako, na Mtendaji aahidi mbele yetu kumrudisha karani." Mtendaji akaahidi, kwa sauti ya kutopenda. Bwana Mahadhi akanikumbatia, nadhani kwa kufurahi kwamba leseni yake iko salama. Nami nikaleta istighfari mara tatu, na kipaza sauti kinaipeleka mpaka barabarani. Magari yalikuwa yanapunguza mwendo.

Ndipo nikashika mkono wa bwana harusi, nikasema, "Nimekuozesha dada yangu Siwatu kwa mahari mliyokubaliana." Akasema nimekubali kumuoa. Vigelegele vikalia, na vingine, nawaambia kweli, vilikuwa kicheko.

Nilimwona karani wiki iliyofuata. Nilimfuata kwake, nikamtaka radhi, akanisamehe bila kuniangalia usoni, na mpaka nimeacha kazi pale mafuta ya taa alinunua duka la jirani.

Siwatu ana watoto wakubwa sasa. Bungu wanapata harusi kila mwaka, lakini ukimtaja yeye mtu atakuuliza, yule wa harusi ya nakala? Juzi tu alikwenda kliniki na mjukuu, nesi mgeni kabisa akamuuliza hivyohivyo. Akaja kunisimulia, nikaanza kucheka, nikidhani naye anacheka.

"Wewe una hadithi ya kuwachekesha watu, kaka," akaniambia. "Mimi nilikuwa na siku moja tu."

Ruhusa siku hizi naomba kwa mdomo, na nikinyimwa nabaki.