Mitamba Wanne wa Ada

Mwaka mmoja wa masomo niliupanga kwa miaka mitatu. Nilikuwa muuguzi wa cheti katika hospitali ya watu binafsi mjini Tarime, nimechoka kufundisha kazi vijana wenye stashahada ambao baada ya miezi sita wanakuwa wakubwa zangu. Chuo cha Musoma kilikuwa kinapokea wauguzi kama mimi kwa mwaka mmoja. Hospitali ilikubali kunipa likizo bila malipo, na nikitaka, zamu za Jumamosi na Jumapili kwa malipo ya siku. Mume wangu ni fundi pikipiki pale Nyamisangura. Kipato chake kingetosha chakula na kodi ya nyumba, kama mvua isingefukuza wateja. Ada, nauli, chumba cha Musoma na sare za watoto wawili vilikuwa juu yangu.

Basi nikaweka akiba. Niliacha vitenge, nikaacha harusi za watu, nikaitwa bahili na wifi zangu wote. Mhasibu wa hospitali, mtu mpole anayekunywa chai bila sukari, alinisaidia kuandika mwezi kwa mwezi mwaka mzima utakula nini, kisha akaniambia niongeze fungu la dharura, kwa sababu watoto hawaugui kwa ratiba. Nusu ya fedha niiache kwenye akaunti ya kawaida. Nusu ya pili, ile ya kuanzia Machi pamoja na ada ya muhula wa pili, niifunge benki kwa miezi sita, ikomae wakati naihitaji.

"Fedha ya mwaka wa shule," alisema, "ikae mahali unapoweza kuifikia wewe mwenyewe, bila kumwomba mtu."

Nilimwitikia vizuri. Halafu nikaenda nyumbani nikamsikiliza mume wangu.

"Pesa ya benki haizai ndama," alisema huku ananawa grisi. "Nunua mitamba mwezi wa tisa, bei iko chini, majani hakuna. Mwezi wa tatu wamenenepa, unauza mmoja mmoja unavyohitaji. Watakaa kwa mzee wangu, kijijini Nyanungu. Nani atawagusa?"

Sitamsingizia. Hakunishika mkono. Mimi ni Mkurya, na noti zilizolala benki hazijawahi kunifurahisha kama ng'ombe aliyesimama. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Kule Nyanungu nilijulikana kama mke wa mjini anayeacha watoto aende shule. Nilitaka wanione naingiza ng'ombe.

Tuliwafikisha Nyanungu mitamba wanne, walionunuliwa kwa ile nusu ya pili, jioni moja. Baba mkwe alisimama mlangoni mwa zizi, na mimi nikasimama mbali, macho chini, kama mkwe anavyotakiwa. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawasogeleani wala hawaongei ana kwa ana; maneno hupitia kwa mama mkwe. Mzee aliwaangalia wale mitamba mmoja mmoja wakiingia. Akasema maneno marefu ya baraka kwa Kikurya, akataja jina la ukoo wangu.

Mama mkwe akaja kunishika mikono. "Mwanangu, mzee anasema hakuna mkwe aliyewahi kumkumbuka hivi. Anasema mji wake umesimama tena."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Sentensi moja tu: mama, mwambie mzee hawa ni wa ada, nawahifadhi kwake. Mume wangu alinitazama akingoja niseme, maana fedha ilikuwa yangu. Nilinyamaza. Zile sifa zilikuwa tamu, na nilijua nikifungua mdomo zitaisha. Nilijiambia mume wangu atamweleza baadaye, kwa utulivu. Yeye naye akadhani nimekusudia kumweleza mama. Tulikula mbuzi wa watu tukarudi Tarime.

Miezi ya kwanza ilikwenda kama ilivyoandikwa. Niliamka na vitabu Musoma, Ijumaa nikapanda basi, Jumamosi na Jumapili nikafanya zamu. Fungu la dharura lililiwa na malaria ya mtoto mdogo na pampu ya maji, lakini ndiyo kazi yake. Mwisho wa Februari akaunti ilikauka, kama tulivyopanga. Ada ya muhula wa pili ilitakiwa kabla ya mitihani.

Mume wangu alitangulia Nyanungu kuchukua hati ya mtendaji wa kijiji ya kuuzia ng'ombe, ili tupeleke mtamba mmoja mnadani. Alirudi bila hati.

"Wameshatoka," alisema. "Wote wanne."

Mdogo wake alikuwa ameoa Januari; tulisikia kwa simu, wala hatukuuliza mahari imetoka wapi. Mzee alikuwa amepungukiwa mahari, na alipotazama zizi lake akaona Mungu na mkwe wake wameshamjibu. Mitamba wangu walikuwa wamevuka mpaka, wako kwa wakwe upande wa Kenya, na bibi harusi alikuwa jikoni kwa mama mkwe akipika ugali.

Nilipiga kelele siku ile hadi jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Nilisema nimeibiwa. Nililitumia neno hilo, mbele ya mume wangu, kuhusu baba yake.

Neno lilifika Nyanungu. Jumapili iliyofuata tulikwenda, nami nikakaa kwenye nyumba ya mama mkwe, mzee akiwa nje. Nilimsikia vizuri kupitia ukutani.

"Mura, mwanangu, mbona hukuniambia?" alimuuliza mwanawe. "Ningeuza shamba. Ng'ombe wa mtu ningewagusaje?"

Jibu nilikuwa nalo mimi, nikabaki nimekaa.

Kisha mama mkwe akaingia. "Mzee anasema kuwadai wale wa mahari ni kuvunja nyumba ya kijana, na msichana amekwishabeba mimba. Anasema chukua maksai wake wawili. Watatosha."

Walikuwa maksai wa kulimia. Mvua za masika zilikuwa zimeanza na plau ilikuwa imeegemezwa ukutani, ina udongo mbichi. Ningeweza kuahirisha masomo mwaka mmoja. Chuo kinaruhusu, barua ni ya ukurasa mmoja. Nilifikiria vijana wenye stashahada, nikafikiria miaka mitatu bila kitenge. Nikasema, "Mwambie mzee asante."

Maksai waliuzwa, ada ikalipwa, na mwaka ukafika mwisho wake. Nilifaulu vizuri kuliko nilivyotarajia. Nyanungu walilima kwa jembe la mkono msimu ule, mzee na mke wake na yule bibi harusi mwenye mimba, na sehemu kubwa ya shamba ilibaki majani. Nayajua hayo kwa sababu mume wangu alikuwa akienda kusaidia siku ambazo ningetaka awe karakanani.

Mshahara mpya ulipoanza sikununua kitu. Nilijinyima tena kama mwanzo, na baada ya mwaka nikanunua maksai wawili, wakubwa kuliko wale, waliokwisha kuzoea nira. Safari hii nilikuwa na maneno yangu tayari. Nilikuwa nimeyakariri ndani ya gari: kosa lilikuwa langu, nilinyamaza, naomba msamaha.

Tulipofika Nyanungu, mzee hakutoka nje. Mama mkwe aliyapeleka maneno yangu kwenye nyumba ya mzee, akakaa kidogo, akarudi peke yake. Hakunishika mikono.

"Anashukuru," alisema. "Lakini anasema mrudi nao. Anasema yeye amekwishamlipa maksai mtu aliyemuuzia mitamba, hamdaiani."

Nilimwomba arudi akamwambie sikumuuzia, kwamba mimi ni mkwe wake.

"Nimemwambia," akasema mama mkwe. "Ameniuliza, mkwe yupi?"