Glasi Sita Kwenda Embu

Shosho mmoja, bibi mzee aliyetoka Kangeta, alikuwa amefunga miraa maisha yake yote, na glasi alizifunga vivyo hivyo. Glasi sita zilikuwa zimebanwa pamoja kwa majani mabichi ya mgomba, zikakazwa kwa kamba mpaka zikawa kitita kimoja kigumu. Ingekuwa miraa, ningemsifu. Lakini mimi nilikuwa nikipokea vifurushi katika ofisi ya kusafirisha mizigo Meru mjini, na nilijua papo hapo kwamba kitita kile hakingefika Embu salama.

Zilikuwa glasi za binti yake. Binti huyo alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia, na mtoto wake mdogo akachukuliwa na shangazi huko Embu.

"Hakuacha kitu ingine," shosho akaniambia. "Nataka huyu mtoto akue akijua mama yake pia alikuwa na nyumba."

Nikafungua kamba, nikamwonyesha kwa glasi moja. Unaijaza karatasi ndani, unaizungushia gazeti tabaka juu ya tabaka, unaipa nafasi yake isiguse mwenzake wala ukuta wa boksi. Boksi hilo nalo unalitia ndani ya kubwa zaidi, na pengo lote kati yao unalijaza magazeti yaliyokunjwakunjwa. Ukitikisa, usisikie kitu.

"Lakini ikiwa loose si itatembea? Mimi hukaza."

"Shosho, miraa haivunjiki."

Akacheka kidogo. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni, na mwanamume mmoja alikuwa akigonga kaunta kwa ufunguo wa gari. Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku hiyo zilinipanda. Zile tano nilizirudishia majani yake, zikiwa zimegusana vilevile, nikazisukuma kwenye boksi moja kando ya ile niliyofunga, nikapiga seloteepu. Sikutikisa. Nikabandika stika nyekundu yenye picha ya glasi, ambayo sijawahi kumwona mpakiaji yeyote akiisoma.

Boksi lilisikika vigae lilipofika Embu, likarudishwa wiki hiyo hiyo ili likaguliwe. Nililifungua mbele ya shosho. Majani mabichi yalikuwa yamelowesha chini ya boksi mpaka likabonyea, na ndani ya kitita mlikuwa na vigae vya glasi tu.

Fomu ya madai huuliza nani alifunga mzigo. Uliofungwa na mteja haulipwi. Uliofungwa na mfanyakazi hulipwa, na mfanyakazi huyo huitwa ajieleze. Niliandika "mteja". Niliogopa, basi.

Shosho hakuiangalia fomu. Alichakura vigae polepole mpaka akaipata ile yangu, akaivua magazeti, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa nzima.

"Na hii, kwa nini haikuvunjika?"

"Ni bahati tu, shosho."

Akaifunga kwenye leso yake, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.