Sufuria Sita za Nyota

Nimewahi kufanya mambo mengi kwa wivu, na mengi nimeyasahau au nimejifanya nimeyasahau. Hili nalikumbuka lote. Nikikosea mahali, mnisamehe, maana shule yangu ni darasa la saba tu, na Kiingereza nilijifunza kwa kufuta vumbi kwenye vitabu vya wenzangu.

Nilikuwa mhudumu wa maabara katika sekondari moja ya binafsi, njia ya kwenda Kisongo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, shule za binafsi zikifunguliwa kila upande na maduka ya mjini yakijaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Kazi yangu ilikuwa kuosha vioo, kujaza chupa na kupanga mizani. Mwalimu wa fizikia alikuwa mzee wa Machame, mpole, mwenye kikohozi. Tulikaa naye miaka tisa. Kila alipomaliza kipindi alirudi maabara, akakaa juu ya stuli, akanieleza mimi yale aliyokuwa ametoka kuwaeleza wanafunzi. Alisema nikielewa mimi, basi na wao wameelewa. Sijui kama alikuwa ananisifu au ananitumia. Nilipenda tu.

Siku moja alichukua kitunguu kwenye kachumbari niliyokuwa naandaa kwa chakula cha mchana, kimoja cha Mang'ola, chekundu, akakikata katikati.

"Mama, unaona hapa? Nyota kubwa, ile inayolizidi jua letu kwa uzito mara ishirini hivi, ikizeeka inakuwa hivi ndani."

Akanieleza kwamba nyota haichomi kama kuni. Viini vya atomi vinabanwa na uzito wa nyota yenyewe mpaka vinaungana, na kuungana huko kunatoa joto, na joto hilo ndilo linalousukuma uzito usiporomoke. Kwanza inachoma haidrojeni, na majivu yake ni heliamu. Haidrojeni ikiisha katikati, kitovu kinajikunja, kinazidi joto, mpaka yale majivu nayo yanashika moto. Heliamu inaacha kaboni na oksijeni. Kaboni ikiwaka inaacha neoni. Hivyo hivyo, majivu ya moto mmoja yanakuwa kuni za moto unaofuata, huku magamba ya nje yakiendelea kuwaka pale pale yalipo. Na kila moto ni wa haraka kuliko uliotangulia. Haidrojeni inachukua mamilioni ya miaka. Silikoni, ya mwisho, inakwisha kwa siku moja au siku chache.

"Halafu?" nikamuuliza.

"Halafu chuma. Na hapo basi."

Alinirudishia kitunguu changu. Nilikikatakata nikala, nikajiona mtu mwenye bahati.

Mwaka uliofuata shule ikaajiri kijana mwenye cheti cha ufundi sanifu wa maabara, aliyemaliza kidato cha sita. Alikuwa mstaarabu, kwao Njiro, shati limepigwa pasi. Aliniamkia shikamoo siku ya kwanza ingawa sikumzidi sana umri, baadaye akawa ananiita dada. Hakunidharau hata mara moja. Naliandika hili kwa sababu ningefurahi kuandika kinyume chake.

Lakini mwalimu alipotoka darasani, sasa alikaa na yeye. Walizungumza kwa Kiingereza, haraka, wakichora ubaoni. Mimi nilikuwa kwenye sinki na vioo vyangu, nikisikia neno moja moja. Nikawa nafungua bomba kwa nguvu ili nisisikie, kisha nalifunga ili nisikie.

Nyumbani mume wangu alinicheka. "Wenzio wanaona wivu kwa ajili ya vitenge, wewe unaona wivu kwa ajili ya nyota?"

"Siyo nyota."

"Sasa ni nini, yule mzee?"

"Nyamaza ule."

Ikakaribia siku ya wazazi, iliyopangwa Jumamosi. Klabu ya sayansi iliamua kuonyesha ile nyota, na mwalimu akasema maelezo yatakuwa ya Kiswahili, wazazi wote waelewe. Mimi ndiye niliyetoa wazo la sufuria. Nilikuwa na seti niliyopewa kwenye sendofu yangu, nilipoagwa kwenda kuolewa, sufuria sita zinazoingiana, na katikati tukaweka tufe la chuma tulilolitoa stoo ya michezo, lile wanafunzi wanalorusha. Sufuria ya nje haidrojeni, ya pili heliamu, ya tatu kaboni, halafu tatu za ndani, halafu chuma. Kila moja tuliipaka rangi, ikabaki kubandikwa karatasi ya jina. Mwalimu akasema, "Atakayesimama mbele ya wazazi ni yule anayeijua mpaka kitovu. Nitawasikiliza Jumatano."

Nilitaka kusimama pale. Sitafuti neno zuri zaidi la kulisema. Nilitaka wazazi, na hasa mwalimu, waone kwamba miaka tisa haikuwa ya kuosha vioo tu.

Jumanne kijana alibandika majina kwa kufuata kitabu. Nilipopita nikaona sufuria ya nne ameandika neoni, ya tano oksijeni, ya sita silikoni. Kwenye maabara yetu kulikuwa na chati ya elementi ukutani, mimi ndiye niliyekuwa naifuta vumbi, na nilijua kwamba uzito wa oksijeni ni kumi na sita na wa neoni ni ishirini. Nzito lazima iwe ndani. Yeye ameweka nyepesi ndani ya nzito!

Ningeweza kumwambia pale pale. Tulikuwa wawili, na alikuwa anapiga mluzi. Nikanyamaza nikangoja Jumatano, mbele ya mwalimu na klabu nzima.

Jumatano alieleza vizuri. Alipofika sufuria ya nne nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahani. Mdogo wangu, neoni na oksijeni, ipi nzito?"

"Neoni, dada."

"Sasa mbona umeiweka nje?"

Akaangalia sufuria. "Kitabu kimepanga hivyo."

"Kitabu kimesema kwa nini?"

Wanafunzi wakaanza, "Eeeh! Mama kamshika!" Mmoja akapiga meza. Mwalimu siku ile alikuwa na homa, amejifunga skafu. Akaitazama chati, akakohoa, akasema, "Mama ana hoja." Akabandua karatasi mbili, akazibadilisha kwa mkono wake. "Jumamosi utaeleza wewe."

Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mpya. Nilipika nikiimba.

Alhamisi nilikichukua kile kitabu, kikubwa, kimoja kutoka katika yale makasha ya vitabu vilivyotumika vya kutoka ng'ambo, nikakaa nacho na kamusi. Sikuwa namtafuta aliyekosea. Nilitaka kujua joto la kila ganda, ili mzazi akiniuliza nisiaibike. Kulikuwa na jedwali. Nikafuata kwa kidole. Kaboni. Chini yake neoni. Chini yake oksijeni. Neoni ilishika kwenye joto dogo kuliko oksijeni, ingawa yote mawili yalizidi nyuzi bilioni moja.

Nilisoma aya iliyofuata mara nne, labda tano. Kwenye joto lile, mwanga wenyewe ndani ya nyota unakuwa mkali kiasi cha kuvunja kiini cha neoni. Kinatoka kipande, heliamu, na kinachobaki ni oksijeni. Kile kipande kinamezwa na neoni nyingine, inakuwa magnesi. Oksijeni imejifunga imara zaidi, mwanga ule hauiwezi bado, kwa hiyo inangoja ndani, kwenye joto kubwa zaidi. Nyota haipangi magamba yake kwa kusoma chati yangu ya ukutani. Inapanga kwa kinachowaka kwanza na kinachowaka baadaye.

Kijana alikuwa sahihi. Na hakuna mtu shule nzima aliyejua isipokuwa mimi.

Sitaki kujifanya nilikwenda mbio. Ijumaa nilifanya kazi siku nzima bila kusema. Nilijiambia wazazi hawatajua tofauti, na hiyo ni kweli, hawangejua. Nilijiambia mwalimu mwenyewe ndiye aliyebadilisha karatasi, na hiyo pia ni kweli. Nilikuwa na ukweli mwingi siku ile.

Jumamosi asubuhi, ukungu wa Meru umeshuka mpaka kwenye uwanja wa mpira, nilimkuta kijana peke yake akipanga viti. Nikamwambia yote, pamoja na ile ya mwanga kuvunja neoni. Pamoja na kwamba Jumanne niliona nikanyamaza.

Alisimama ameshika kiti. "Nilijua nimenakili sawasawa, dada. Ila sikujua kwa nini, ndiyo maana nilishindwa kubisha." Halafu akaniuliza tena kuhusu kile kipande cha heliamu, nikamweleza, akaniuliza tena. Hakukasirika. Ningepata nafuu kama angekasirika.

Tulikwenda kwa mwalimu pamoja. Alisikiliza, akaomba kitabu, akavaa miwani, akasoma. "Basi na mimi nimekosea," akasema. Akarudisha karatasi mahali pake. "Aliyekuwa amepanga sawa ndiye aeleze. Mama, wewe utafunua sufuria."

Wazazi walipojaa, nikafunua sufuria. Zilikuwa zangu, nilizijua kila mbonyeo. Yeye alieleza, mimi nikatoa ganda baada ya ganda. Tulipofika kwenye tufe, baba mmoja, fundi wa kuchomelea mageti, akasimama.

"Kijana, unasema chuma hakiwaki. Mimi nakata chuma kwa gesi kila siku, kinawaka kinaruka cheche. Njoo gereji nikuonyeshe!"

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, halafu akajibu. "Mzee wangu, ule wa gereji ni moto wa nje, chuma kinashikana na oksijeni, lakini kiini chake hakiguswi. Hapa tunazungumza viini kuungana. Vyepesi vikiungana vinatoa joto. Chuma na jirani zake ndio waliojifunga imara kuliko wote, huwezi kupata joto zaidi kwa kuwaunganisha. Ukiwalazimisha, wanakula joto badala ya kutoa. Kwa hiyo chuma kinajazana katikati bila kusaidia kubeba uzito, mpaka kinashindwa kujibeba. Kikianguka, ni chini ya sekunde moja. Ndipo nyota inapopasuka."

Yule fundi akakaa polepole. "Hapo umenijibu."

Makofi yakaanza. Kijana akanyoosha mkono. "Ngojeni. Kuna jambo moja humu nililipanga bila kulielewa. Aliyelisoma na kunifundisha asubuhi hii ni dada huyu aliyeshika sufuria."

Wakapiga makofi mara mbili ya yale ya kwanza. Nilitazama nyuso zao, nikatazama uso wa mwalimu. Wote walikuwa wanamtazama kijana. Walikuwa wanampigia makofi yeye, kwa uungwana wake wa kunitaja mimi.

Nilitabasamu kama inavyotakiwa. Alichosema kilikuwa haki, hakupunguza wala hakuongeza, na nimejaribu miaka yote hii kumpata na kosa pale, sijampata. Nilianza kurudisha sufuria moja ndani ya nyingine, na wivu wangu ulikuwa mkali kuliko siku zote.