Beseni la Dagaa Kabla ya Mgeni Rasmi

Teodora Kabula, binti Machibya wa Usagara. Machibya yule aliyelima pamba hadi ghala la ushirika likawa linafunguliwa yeye akiwa wa kwanza mlangoni. Teodora ndiye aliyevuka kivuko cha Busisi na ubao wa kuandikia kichwani kwenda kufundisha watu wazima kusoma, siku zile kila kijiji kilikuwa na darasa la jioni. Ndiye aliyewafanya wazee wa Misungwi waandike majina yao wenyewe badala ya kuchovya kidole gumba kwenye wino. Kipindupindu kilipokuja alipita nyumba kwa nyumba akionyesha namna ya kuchemsha maji, wala hakuugua. Halafu serikali ikaanza kupunguza watu kazini, naye akapunguzwa.

Jambo moja alilitoa kwenye yale madarasa ya jioni. Mwanzoni alikuwa anahutubia. Anaongea, anaongea, wanafunzi wanaitikia ndiyo mwalimu, na kesho yake hakuna anayekumbuka hata herufi moja. Mpaka alipojifunza kuukata muda vipande vipande: aseme kidogo, aache watu wafanye kwa mikono yao, kisha wakae waulizane wameona nini na kwao kitafaaje. Wakishaulizana, ndipo anasema tena kidogo, na mikono inarudi kazini. Mtu mzima, alikuwa akisema Teodora, hukubali kile alichokishika na kubishania.

Mwaka wa tisini na sita mradi mmoja wa akina mama ukamwita aendeshe warsha ya siku moja kwenye mwalo mmoja wa Ilemela, pale mitumbwi ya dagaa inaposhushia. Masika ya mwaka uliotangulia dagaa walikuwa wameozea mchangani, wamelowa kabla ya kukauka, wakatupwa. Mradi ulikuwa na nyavu na fito za kutengenezea vichanja, yaani meza za kuanikia dagaa juu juu, upepo upite chini. Lakini muda wake ulikuwa unaisha, unafungasha. Ulisema hivi: mwalo utakaokubaliana siku hiyo hiyo vichanja vikae wapi na nani avitunze, ndio utakaopewa. Usipokubaliana, gari linaendelea mwalo mwingine. Na mvua zilikuwa zinakaribia.

Teodora akaipanga siku yake kama anavyosuka mkeka. Saa mbili asubuhi, maneno machache tu: mchanga unafanya nini kwa dagaa. Papo hapo wanawake wanaosha dagaa wabichi, nusu wanaanika mchangani, nusu juu ya kichanja cha mfano. Wakati jua linafanya kazi yake, wanakaa wanajadili hasara ya mwaka jana. Tena maneno kidogo, kuhusu kufunga fito na kutandaza wavu. Vikundi vinafunga. Jua likifika utosini wanarudi kuonja, kushika, kulinganisha. Baada ya hapo ndipo mjadala mkubwa: vikae wapi, nani alinde.

"Watakubali," alimwambia Mayala, mratibu wa mradi, kijana wa suti isiyomtosha mabegani. "Wakionja tu, watakubali."

Alfajiri mwanamke mmoja aitwaye Odeta akaleta beseni la dagaa waliotoka mtumbwini muda huo huo, wanameta. Odeta ni Mkerewe, mjane, mwenye ulimi.

"Shikamoo mwalimu. Hawa ni wa giza la mwezi, wenzangu wote wako majini mpaka kiunoni. Mmetuchagulia siku nzuri kweli! Si mngengoja mbalamwezi, dagaa wasipovuliwa, tukiwa hatuna kazi?"

"Marahaba. Siku ilichaguliwa ofisini, mwanangu."

"Ofisini hawali dagaa?"

Saa mbili ikafika. Wanawake wamejaa kwenye ukumbi wa kigango, watoto mgongoni. Teodora akainuka, Mayala akamshika mkono.

"Mama, hatuwezi kuanza. Mgeni rasmi hajafungua."

"Afungue akija. Mimi nianike dagaa tu."

"Mama, itakuwa aibu. Mgeni anapewa mkono na watu wanaonuka samaki? Na akikuta mmeshaanza, atasema tumemdharau."

Teodora alikuwa ametumikia serikali miaka mingi. Alijua mgeni rasmi ni nini. Akakaa. Hapo ndipo siku ilipomponyoka, na alijua inamponyoka, akiwa ameikunja mikono mapajani.

Saa nne, hakuna mgeni. Beseni likahamishiwa kivulini, likafunikwa khanga. Nzi wakalijua. Kwaya ikafanya mazoezi ya wimbo wa kumkaribisha mpaka watoto wakauimba vizuri kuliko kwaya. Saa sita kasoro gari likaingia. Mgeni akasalimia, akaeleza ulegezaji wa masharti ya uchumi, akawahimiza akina mama wajitume, wakapigwa picha. Mbele ya kila kiti akasimama kidogo, akitoa mkono. Alipoondoka ilikuwa saa saba, na upande wa ziwa wingu lilikuwa limeshakaa.

Mayala akasogea. "Mama, chakula saa nane. Toa mada zote kwa mkupuo mmoja. Vitendo na mjadala watafanya wenyewe nyumbani."

"Mjadala ndio utakaoleta nyavu, Mayala."

"Basi wape dakika kumi mwishoni."

Basi Teodora akahutubia. Alisema mada ya kwanza na ya pili na ya tatu, bila mikono kati yake. Alimwona mama mmoja mbele akilala, kichwa kikianguka na kuinuka. Akakatiza, akasema twendeni kwenye beseni. Khanga ikafunuliwa. Matumbo yalikuwa yamepasuka, macho mekundu.

"Ee mwalimu," akasema Tereza, mama mnene wa mstari wa pili, "hawa hata bata wangu atageuza shingo."

Watu wakacheka, na Teodora akacheka nao, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Kisha akauliza lile lililobaki: vichanja wanavitaka, na vikae wapi?

"Kunguru watatua juu," akasema Tereza.

"Wezi watabeba na meza yenyewe," akadakia mwingine.

"Wanakauka kweli, au maneno?" akauliza Odeta. "Mimi sibishi, mwalimu. Nimesikia. Sijaona. Nikitoa sehemu yangu ya ufukwe kwa kitu nilichosikia, wanangu watanicheka."

Jibu la Teodora lilikuwa kwenye lile beseni lililooza. Akaomba mikono inyooshwe. Ikanyooshwa michache, mingine ikashuka njiani. Sufuria za wali zikaingia, ukumbi ukasimama.

"Imefana," Mayala akasema, akikunja bango. "Mgeni amefurahi sana."

Nyavu hazikushuka garini. Fito nazo, na kichanja cha mfano kikapakiwa juu yake. Gari likashika njia ya mwalo mwingine, na matone ya kwanza yakaanza kudondoka.

Odeta alikuwa akimwaga dagaa wa lile beseni ziwani. Teodora akamfuata mpaka majini, viatu mkononi.

"Una kitanda cha kamba?"

"Ninacho. Kimelegea."

"Kikaze. Usiku huu ukipata dagaa, nusu waanike mchangani kama siku zote. Nusu, juu ya kitanda, utandike kipande cha wavu mkuukuu."

"Mvua ikinyesha?"

"Utarudia keshokutwa."

"Na nyavu zimeshakwenda, mwalimu. Hata wakikubali, tutapata wapi?"

"Sijui," akasema Teodora. "Waite watano tu. Usiwahutubie, maana una ulimi. Waonje wa huku na wa huku. Halafu waulize wameona nini, unyamaze wajibizane wenyewe. Mimi sitakuwepo. Hiyo kazi nimekuachia wewe."